Wosia kwa Kikosi cha Mbio za Nyika

Wanangu,

Mwezi huu nakabidhi filimbi kwa mwalimu mpya. Ninyi nawaachia mpango wa wiki nane wa kujiandaa kwa kilomita 6 za wasichana na 8 za wavulana, umbali uleule unaokimbiwa na vijana chini ya miaka 20 kwenye mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Msiukariri tu. Nataka mjue kwa nini kila siku imewekwa pale ilipo.

Gabriel Geay wa huku kwetu Manyara alipomaliza wa pili Boston mwaka 2023, wengi wenu mlinijia mkitaka kukimbia asubuhi na jioni kama wakimbiaji wa marathoni. Nilikataa, na ninavyoondoka bado nakataa. Mifupa yenu inaendelea kukua, na baadhi yenu mnatembea mwendo mrefu kwenda shule na kurudi. Miguu inaihesabu safari hiyo hata kama haimo kwenye ratiba. Anayetoka mbali apunguziwe mazoezi, wala asionekane mvivu.

Wiki yenyewe ni hii. Jumatatu mnakimbia dakika 30 polepole, kiasi cha kuweza kupiga soga bila kukatika pumzi. Mkishindwa kuongea, mmekwenda mbio mno. Jumanne ni kilima: mnapanda kwa nguvu kama sekunde 40, mnashuka mkitembea, mnarudia mara sita. Jumatano ni polepole tena, na wa kidato cha kwanza wanapumzika. Alhamisi ni fatleki, yaani dakika moja ya kasi na dakika moja ya pole, mara nane. Ijumaa hakuna kukimbia. Jumamosi ni mbio ndefu ya dakika 35, na Jumapili ni mapumziko kamili. Mkitazama vizuri mtaona siku mbili ngumu hazigusani hata mara moja.

Kupanda kwa mazoezi kunakwenda kwa zamu. Wiki ya pili mbio ndefu inafika dakika 40, lakini kilima kinabaki mara sita. Wiki ya tatu kilima kinafika mara nane, na mbio ndefu haisogei. Wiki ya nne kila kitu kinashuka kwa karibu theluthi. Najua hiyo ndiyo wiki mnayoichukia, kwa sababu mnajiona mna nguvu na mnaona tunazipoteza bure. Kilimani mwili unachoka na misuli inaumia kidogo kidogo. Nguvu inajengwa baadaye, mkiwa mmekula na kulala. Msipoipa nafasi, mtaingia wiki ya tano na deni. Wiki hiyo mbio ndefu inafika dakika 45, ya sita kilima kinafika mara kumi, ya saba mnaanza kupunguza.

Nawasimulia habari ya binti mmoja wa kidato cha pili. Kila mmoja wenu hupima mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, na yake yalikuwa 60 kwa dakika siku zote. Wiki ya tatu, Jumatatu yakawa 70, Jumanne 71. Kilimani akatumia sekunde 45 pale alipokuwa akitumia 40, ingawa alijitahidi kuliko wenzake. Nikamuuliza, akasema Jumapili alikuwa akikimbia peke yake. Nilimsimamisha siku tatu. Mapigo yaliporudi 61 alianza na dakika 20 za pole, na kilima akakigusa wiki iliyofuata. Mapigo yakipanda kumi hivi kwa siku mbili mfululizo, pumzikeni bila kusubiri ruhusa. Inaweza kuwa uchovu, inaweza kuwa malaria inaanza; vyovyote vile, si siku ya kilima.

Maumivu ya ugoko nayo yapimeni kwa kidole. Yakisambaa kwenye misuli, mara nyingi siku chache za pole zinatosha. Yakiwa mahali pamoja juu ya mfupa, pa kufunikwa na ncha ya kidole, acheni kukimbia na mwende hospitali, maana mfupa unaweza kuwa umeanza kupata ufa. Nanyi mabinti, hedhi ikikatika miezi mitatu msifurahi kwamba mazoezi yamekolea. Mara nyingi chakula hakitoshi kwa kazi mnayofanya, na mifupa inadhoofika. Mwambieni matroni, mwone daktari, na msiache maharage, dagaa na maziwa kwa kuogopa kunenepa.

Wiki ya nane, Jumatatu ni dakika 25, Jumanne kilima mara nne, Jumatano mapumziko. Alhamisi kimbieni dakika 20 za pole, mmalizie kwa mikimbio minne mifupi ya kasi isiyo ya kujikamua. Ijumaa msikimbie, na jioni kuleni mlichozoea. Jumamosi ni mashindano. Baada ya hapo msikimbie mpaka Jumatano, hata aliyeshinda.

Mwalimu wenu