Barua ya dada na pesa za vikapu

Wadau, leo nazungumzia barua moja tu, lakini barua yenye pesa ndani yake.

Dada yangu anaishi Hamburg, Ujerumani. Jioni akitoka kazini huuza vikapu vya milulu vinavyosukwa na kikundi cha akina mama wa Iringa, kupitia soko moja kubwa la mtandaoni ambalo sitalitaja jina. Mwezi wa kawaida huuza vikapu kumi hivi. Desemba 2024 aliuza 58 kwa wiki tatu, kila kimoja Euro 35, na katikati ya pilikapilika hizo akabadilisha benki. Asubuhi moja akakuta duka limefungwa, na Euro 1,766 zilizobaki baada ya ada ya soko zimezuiwa. Ujumbe ulisema tu kwamba utambulisho wake na asili ya bidhaa havijathibitishwa.

Akaandika rufaa ya kurasa mbili. Akaeleza habari za akina mama, ada za watoto wao, na wateja wanaomsifu miaka yote. Jibu likaja siku hiyohiyo, maneno yaleyale ya mwanzo. Akanipigia: "Mdogo wangu, hivi hawa watu hawana huruma?"

Huruma haikuwa hoja. Mnunuzi aliyelipa kwa kadi anaweza kuidai benki yake imrudishie pesa, mara nyingi hadi siku 120 baadaye. Muuzaji akiwa ametoweka, hasara inaliangukia soko. Na tapeli naye huanza hivyohivyo: mauzo yanapanda ghafla, akaunti ya benki inabadilika, kisha kimya. Kwa mashine ya ukaguzi, Desemba ya dada ilifanana na ya tapeli. Kwa hiyo rufaa ilitakiwa kujibu maswali mawili: wewe ni nani, na vikapu vimetoka wapi?

Tukatandaza karatasi zake mezani kwa njia ya picha. Duka lilisajiliwa kwa jina lake la kabla ya ndoa, benki mpya ilikuwa na jina la ndoa. Risiti ya kikundi iliandikwa kwa mkono, haina tarehe wala idadi. Rafiki yake mmoja akamshauri kikundi kitengeneze risiti nyingine nzuri, yenye tarehe ya nyuma. Nikakataa katakata. Hiyo ni kughushi, na ikigundulika duka halifunguliwi tena. Badala yake tulitafuta karatasi halisi zinazosimulia mzigo uleule: ujumbe wa malipo kwa simu kwenda kwa mweka hazina wa kikundi, hati ya shehena ya ndege na hati ya forodha ya Hamburg. Zote mbili za mwisho zilionyesha vikapu 80.

Barua ya pili ilijaa ukurasa mmoja. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Naomba akaunti yangu ifunguliwe. Kuhusu utambulisho: majina mawili mnayoyaona ni ya mtu mmoja, na cheti cha ndoa nimekiambatisha. Kuhusu bidhaa: hati tatu zilizoambatishwa zinaonyesha ununuzi, usafirishaji na ushuru wa vikapu 80. Kati ya 58 vilivyouzwa, 55 vimefika na vitatu viko njiani. Namba za kufuatilia mizigo zipo kwenye orodha. Nimerekebisha jina la akaunti lilingane na la benki. Kuhusu Euro 1,766, naomba mnieleze kwa maandishi ni kifungu gani cha masharti kinachotumika kuzizuia, na zitaachiliwa lini."

Ombi la mwisho lina mgongo wa sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/1150, inayotumika tangu Julai 12, 2020, inalilazimisha soko kumpa mfanyabiashara sababu za kusimamishwa kwa maandishi. Masoko yote isipokuwa yale madogo lazima pia yawe na utaratibu wa ndani wa kupokea malalamiko bila malipo. Lakini kanuni hiyo humlinda mfanyabiashara aliye ndani ya Umoja huo. Anayeuzia kutoka Dar es Salaam au Mombasa hubaki na masharti aliyoyakubali alipojiunga, basi ayasome hasa sehemu ya kuzuia malipo.

Siku ya kumi na moja duka likafunguliwa. Euro 1,675 zikaingia benki wiki hiyo, na 91 zikabaki mpaka vikapu vitatu vya mwisho vilipofika.

Kule Iringa, daftari la kikundi sasa lina safu tatu mpya: tarehe, idadi na jina la mnunuzi. Katibu huipiga picha kila mzigo unapoondoka na kumtumia dada, naye huihifadhi pamoja na hati ya forodha.