Mwanga Huu Unatoka Wapi?

Neno `neon` limechoka. Liandike kwenye prompti ya kopo la enaji, ongeza `gradient background`, na modeli ya picha itakupa kile inachompa kila msee: kopo lililozama kwenye zambarau na waridi, na nyuma yake rangi mbili zinazoyeyukiana kama skrini ya simu mpya dukani. Inang'aa, hatukatai. Lakini iangalie kwa sekunde kumi na utaona kuna kitu hakikai sawa. Kopo lina mng'ao wa waridi kushoto na kulia kwa pamoja, na kivuli hakijui kianguke upande gani.

Nilijifunza kuona hivyo kutoka kwa mzee mmoja fundi wa taa, katika studio ya ghorofani katikati ya Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kushika vibanio vya nguo na karatasi za jeli, zile karatasi za plastiki za rangi zinazowekwa mbele ya taa. Jina lilitokana na jelatini, kwa sababu za zamani zilitengenezwa nayo. Mzee hakuwa mtu wa nadharia. Ukimwonyesha picha yoyote, hata bango la barabarani, alikuwa na swali moja tu: "Kijana, mwanga huu unatoka wapi?" Siku hizi kazi nyingi za makopo na vifaa vya simu naziandika badala ya kuzipiga, na hilo swali ndilo bado linanilipia kodi ya nyumba.

Acha niwaeleze kupitia kazi moja. Ndugu wawili, dada na kaka, wanatengeneza kinywaji cha tangawizi na kafeini, soko lao kubwa likiwa vijana wa boda. Kopo lao ni la kijani linalong'aa, lile jembamba. Hela ya studio hawakuwa nayo. Dada alinitumia picha za matangazo ya majuu, zote zambarau na buluu, akasema, "Tunataka ikae kali hivi. Ipige kelele." Kaka mtu akaongeza jambo dogo ambalo kwangu lilikuwa ndilo kazi yenyewe: "Lakini wateja hawasomi jina. Wanaomba ile ya kijani."

Sasa hapo kuna shida. Jeli haiongezi rangi kwenye mwanga, inazuia zingine. Jeli ya majenta, ile waridi iliyokolea, inapitisha mwanga mwekundu na wa buluu, na kuzuia wa kijani. Rangi ya kijani ya kopo nayo inaonekana kijani kwa sababu inarudisha mwanga wa kijani na kumeza ule mwingine. Mulika kopo hilo kwa majenta pekee na hakuna cha kurudishwa: linageuka kijivu kizito, karibu jeusi. Studioni utaliona kwa macho. Modeli haipigi hesabu hiyo. Imejifunza sura za picha, si safari ya mwanga. Kwa hiyo inafanya moja kati ya mawili: inaacha kopo kijani kana kwamba taa haikuligusa, au inachukua lile neno `purple` na kulipaka kopo lenyewe. La pili ndilo hutokea sana. Rangi uliyompa taa inahamia kwenye bidhaa, na yule kijana wa boda hapo kwenye kioski anaona kinywaji asichokijua.

Dawa yake inatoka kwa mzee: kila taa ipewe mahali pake na kazi yake. Uso wa kopo, pale lebo ilipo, unapata mwanga mweupe wa kawaida. Rangi inaachiwa kingo na karatasi ya nyuma. Kopo linalong'aa linasaidia hapa, maana mng'ao wa juu wa rangi yake hubeba rangi ya taa, si rangi ya kopo. Ukiweka taa ndefu nyembamba yenye jeli ya machungwa nyuma kidogo, upande wa kulia, utaona mstari wa machungwa ukitambaa kwenye ukingo huku kijani kikibaki kijani. Kwenye kopo lisilong'aa, mstari huo unafifia na kutawanyika, ndiyo maana ni lazima prompti itaje kama kopo linang'aa au la.

Nilichagua machungwa kwa sababu ya tangawizi, lakini pia kwa sababu nyuma nilitaka buluu. Rangi hizo mbili zinapingana, kwa hiyo ukingo wa machungwa hauwezi kumezwa na pazia la buluu. Zambarau za majuu niliziacha.

Halafu kuna lile pazia lenyewe. Neno `gradient` likiwa peke yake linaleta mpito bapa wa kompyuta, kama umebandika kopo juu ya ukuta wa simu. Studioni mpito wa rangi hauchorwi, unatokea. Unaning'iniza karatasi ya kijivu kizito, unaweka taa yenye jeli chini karibu nayo, na mwanga unapungua kadiri unavyosafiri: umbali ukiongezeka mara mbili, unabaki na robo. Mbona kijivu na si nyeupe? Karatasi nyeupe inarudisha mwanga mwingi mno, na buluu yako inapauka ikawa kama maziwa. Kijivu kinaishika ikolee. Basi nami niliandika karatasi, taa na mahali mwanga unapofifia, badala ya kuandika matokeo:

```
Product photo, slim glossy green aluminium can, plain blank surface.
Neutral white softbox lights the front of the can.
Narrow strip light with orange gel, behind right:
one thin orange line along the right edge only.
Dark grey paper backdrop, blue-gelled light low behind left,
glow fading to near black at upper right.
Black acrylic table, faint reflection.
```

Angalia mpangilio wa pazia. Mwanga wa buluu uko chini kushoto, giza liko juu kulia. Ukingo wa kulia wa kopo, wenye machungwa, umeangukia kwenye giza. Ukingo wa kushoto, ambao hauna taa yake, umesimama mbele ya buluu inayong'aa. Kila upande una sababu ya kuonekana, na nimetumia jeli mbili tu. Ukiongeza ya tatu modeli inaanza kuchanganya ni ipi ya wapi.

Sikuandika yote kwa mpigo. Nilifunga namba ya `seed`, ili picha isiruke sana kutoka jaribio moja hadi jingine, nikaanza na mwanga mweupe peke yake. Kijani kilipokaa sawa, nikaongeza ukingo wa machungwa. Hapo kopo likaota mistari miwili, kulia na kushoto, kwa sababu picha nyingi za matangazo zina mistari miwili na modeli inapenda mazoea. Kuandika `no orange on left` hakukusaidia, na mara nyingi hakusaidii: ukitaja kitu ili kukikataa, umeshakitaja. Kilichosaidia ni `one` na `right edge only`, kisha kueleza upande wa kushoto una nini, yaani ile buluu ya nyuma. Pazia lilikuja mwisho.

Kabla ya kukubali picha, mimi huifanyia mitihani miwili. Kwanza naitoa rangi yote, ibaki nyeusi na nyeupe. Kama kopo bado limejitenga na pazia pande zote mbili, mwanga unafanya kazi. Kama ukingo umepotea, basi rangi zilikuwa zinaficha uvivu. Pili naangalia meza. Kama kuna machungwa kulia kwa kopo, meza nayo iwe na machungwa kidogo upande ule ule. Modeli husahau meza mara nyingi sana, na hapo ndipo jicho la mtu wa kawaida linahisi uongo hata kama haliwezi kuutaja.

Lebo sikuiombea modeli. Herufi ndogo inazivuruga, na viambato na tarehe si mahali pa kubahatisha. Ndiyo sababu prompti inasema kopo liwe tupu. Lebo halisi niliiweka baadaye kwenye programu ya kuhariri, nikaipinda ifuate mviringo, kisha mng'ao mweupe na ule wa machungwa nikaurudisha juu yake. Ukiacha hatua hiyo ya mwisho, lebo inakaa kama stika iliyobandikwa kwenye skrini. Umbo la kopo pia nililinganisha na kopo la kweli mezani kwangu. La modeli lilikuwa na mabega mapana zaidi, nikalipunguza.

Kitu kimoja hakionekani kwenye simu. Mpito wa buluu kwenda nyeusi una ngazi chache. Picha ya kawaida ina ngazi 256 kwa kila rangi, na sehemu ya giza inatumia chache tu kati ya hizo. Ukitandaza ngazi hizo chache kwenye bango la mita mbili, zinageuka michirizi, kama mistari ya maji kwenye ukuta. Chembe ndogo za nafaka zikinyunyizwa kwenye pazia zinavunja michirizi hiyo. Na buluu kali ya skrini, wino wa mashine haiwezi kuifikia. Inatoka imefifia, au imevutwa kwenye zambarau. Kwa hiyo niliwaomba ndugu hao wachapishiwe kwanza kipande kidogo, kwenye karatasi ile ile ya bango, kabla ya kulipia yote. Kweli buluu ilipooza. Tuliifanya nyepesi kidogo, na kijani hatukukigusa.

Mzee siku hizi hapati kazi nyingi za makopo, na sitajifanya sijui ni kwa nini. Huwa namtumia picha zangu kabla ya mteja kuziona, na anapata sehemu yake ya malipo, kwa sababu anachoangalia hakuna prompti inayokiangalia. Ya kopo la tangawizi aliikuza kwa vidole, akakaa kimya, kisha akatuma sauti: "Nyeupe mbele. Chungwa nyuma kulia. Buluu chini kushoto." Hakuuliza kitu.

Bango sasa liko ukutani kwenye steji moja ya boda. Buluu inapiga kelele vile dada alitaka. Na vijana bado wanaomba ile ya kijani.