Kahama Kitengo, Hajafa

Mizani ilipohama Kibaha kuja Vigwaza, kampuni yetu ya malori ilifungua ofisi hapa, chumba kimoja na kontena kando ya barabara ya Morogoro. Kazi ilikuwa moja: gari la kampuni likizuiwa mizani, awepo mtu wa kulikwamua. Miaka hiyo mtu akihamishwa kitengo hakuna aliyemwandikia ujumbe. Barua ya uhamisho ilibandikwa ubaoni pembeni ya ratiba ya magari, sentensi tatu na mhuri, na kabla ya jioni pameshaandikwa "hongera" kwa kalamu ya bluu. Tulichangishana chapati na soda, meneja akasema maneno mawili, tukatawanyika. Kesho yake aliyehamia malipo ulimkuta kwenye dirisha la malipo, na ulimuuliza posho ya dereva kama kawaida.

Simu za kupangusa na makundi ya WhatsApp vilibadilisha mambo. Sasa habari inaanza kwenye kundi kabla barua haijasainiwa, kila mtu anataka kuonekana amesema kitu, na anayechelewa anazidisha maneno. Mwaka mmoja mhasibu wetu alihamishiwa makao makuu Dar es Salaam. Kijana wa stoo akaitafuta picha yake nzuri, akaiweka kwenye fremu ya maua na chini akaandika: "Mwendo umeumaliza. Daima utakuwa mioyoni mwetu." Haikupita nusu saa dereva aliyekuwa njiani Tunduma akapiga simu, sauti imeshuka, anauliza msiba uko wapi na rambirambi atume kwa nani. Mhasibu mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake, ambaye picha ilimfikia kupitia kwa jirani, hakucheka.

Nadhani shida yetu ni kwamba maneno ya kuagana tuliyonayo mdomoni tumeyazoea misibani na kwenye sherehe za wastaafu. Mtu akiambiwa aandike haraka, mkono unakwenda hukohuko. Hata zawadi ni vilevile: saa ya ukutani, ambayo kwetu anapewa anayekwenda kulima kwao. Mpe saa ya ukutani mtu wa miaka 34 anayehama kitengo, utaona anavyoitazama.

Kilichotufundisha kuandika vingine ni uhamisho wa dada yetu wa mizani. Bandari kavu ya Kwala ilipozinduliwa Julai 2025, kampuni iliunda kitengo cha makasha huko na kumteua yeye akisimamie. Kutoka Vigwaza hadi Kwala ni barabara ya zege, kilomita 15 hivi. Mtu wa bodaboda anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Ndiyo maana mtu alipopendekeza kundini tumwandikie "safari njema", wote tulimshangaa.

Lakini kuondoka kwake mezani kulikuwa na uzito wa kweli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ilipoanza kutumika nchini Machi 2019, madereva wengi walijua namba moja tu, tani 56 za jumla. Yeye aliisoma mpaka ekseli. Gari la ekseli sita, kichwa na tela, linaruhusiwa tani 8 mbele, 18 za ekseli mbili za nyuma za kichwa na 24 za ekseli tatu za tela, jumla 50. Siku moja gari la saruji lilipima tani 49 na dereva akashangilia, ila tela ilikuwa imepita 24. Dada alimwambia ashushe safu za nyuma na kuzipanga upya karibu na kichwa, mzigo uleule bila kupunguza mfuko, kisha arudi kupima. Gari likapita. Tangu siku hiyo madereva walikuwa wanampigia simu yeye kabla ya kufunga turubai huko kiwandani.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Akiagwa kama anayekufa, madereva wangeona haya kumpigia, na elimu ile ingeondoka naye. Akiagwa kwa "mlango wako uko wazi, tutakusumbua siku zote", simu zote zingemfuata Kwala, kijana anayempokea asingepata kazi wala heshima, na dada angefanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Hili la pili ndilo linalotokea zaidi, na utalijua kwa dalili moja: mwezi wa pili baada ya uhamisho, mrithi anaulizwa jambo na yeye mwenyewe anasema "ngoja nimuulize dada".

Mimi ndiye niliyepewa kuandika. Kabla ya kugusa simu niliuliza mambo matatu: barua imesainiwa au bado, kuanzia lini namba ya mizani inapokewa na nani, na ni jambo gani yeye mwenyewe anakubali kuulizwa bado. La tatu nilimuuliza yeye, maana si vizuri kumgawia mtu kazi kwenye ujumbe wa kumpongeza. Akasema, "Malalamiko ya mizani ya mwezi huu nitayamaliza mimi. Mengine yote mpeni mdogo wangu, msimkatize." Kisha nikaandika hivi:

"Dada yetu, hongera kwa Kwala. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba gari likipita kwa jumla linaweza kukamatwa kwa ekseli, na magari yetu ya saruji hayalali tena mizani kwa sababu hiyo. Kuanzia Jumatatu simu ya mizani anapokea mdogo wako aliyekaa nawe meza moja. Malalamiko ya mwezi huu bado ni yako, kama ulivyosema. Makasha yakishuka kwenye treni na kupandishwa kwenye malori yetu, tutakutana kwenye hati zilezile. Ijumaa chai iko hapa kontena, na safari hii unalipa wewe, bosi."

Ni mfupi kwa makusudi. Ukirefuka sana WhatsApp inaukata na kuficha mwisho, na mwisho ndio wenye chai. Sikuweka picha. Nilitaja jambo moja alilofanya, si sifa kumi, kwa kuwa sifa kumi ni za hotuba ya mazishi. Maneno "kuanzia Jumatatu" niliyaweka kwa ajili ya madereva zaidi kuliko yake. Utani wa mwisho nao una kazi: marehemu hatumdai chai.

Mzee wa karakana alilalamika kwamba ujumbe ni mkavu, haukumliza mtu. Nilimjibu, "Shikamoo mzee, ndivyo tulivyotaka." Akaitikia marahaba na bado akanuna. Sikatai, upo uhamisho wa kuliliwa, kama mtu anapelekwa Mwanza na watoto wanabadilisha shule. Huyo mwandikie mengine. Kilomita 15 hazistahili machozi ya hadharani.

Jibu la dada lilikuja usiku: "Ahsanteni. Kitabu cha risiti za mizani kiko droo ya pili, ufunguo anao mlinzi." Jumatatu dereva wa kwanza alimpigia yeye, kama tulivyotegemea. Dada alimpa namba ya mdogo wake akakata simu. Nawe ukipewa kazi ya kumwandikia mwenzako anayehama kitengo, muulize kwanza simu yake ataipokea nani.