Neno Lililosemwa Chini ya Mwembe

Huku kwetu Uganda watu wengi huamini kwamba pasipo karatasi hapana mkataba. Mwanafunzi wa sheria naye, akimaliza muhula wa kwanza, hurudi nyumbani akiwaambia ndugu zake kwamba mkataba wa mdomo una nguvu sawa na ule wa maandishi. Wote wana nusu ya ukweli. Nimesoma sheria kwa miaka mitatu sasa, na nadhani swali lenye faida ni hili: ni neno gani lililosemwa linalomfunga aliyelisema, na akilikana baadaye utamwonyesha nini hakimu?

Nianze na kesi inayotugusa sisi wanafunzi. Mama mmoja wa Trinidad alimwahidi binti yake dola 200 kila mwezi ikiwa angeacha kazi yake ya ukatibu kule Washington na kwenda Uingereza kusomea uwakili. Binti akaacha kazi, akaenda mwaka 1962. Kuhusu dola zenyewe hawakuelewana tangu mwanzo: binti alifikiri ni za Marekani, kumbe mama alikuwa na maana ya zile za West Indies, ambazo thamani yake ilikuwa ndogo zaidi. Baadaye mama alinunua nyumba London ili binti akae humo na kupangisha vyumba. Wakagombana, na mama akaitaka nyumba yake. Hii ndiyo kesi ya Jones na Padavatton, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliiamua kwa kumpa mama ushindi. Majaji wawili walisema kwamba mama na mwana, walipozungumza, hawakukusudia kupelekana mahakamani. Wa tatu aliona kulikuwa na mkataba, ila ulikuwa wa muda wa kutosha kumaliza masomo, na muda huo ulikwisha.

Kwa hiyo ahadi ya mjomba kwamba atakulipia ada haitakusaidia sana mahakamani, hata aitoe mbele ya ukoo mzima. Pendekezo lazima litolewe na likubaliwe, kila upande utoe kitu kwa ajili ya kingine, na wote wawili wawe wamekusudia kufungwa na maneno yao. Baina ya wafanyabiashara kusudi hilo hudhaniwa kuwapo. Baina ya jamaa hudhaniwa kutokuwapo, mpaka mtu aonyeshe vinginevyo.

Sasa nije kwetu. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inasema wazi kwamba mkataba unaweza kuwa wa mdomo, wa maandishi, wa mchanganyiko wa vyote viwili, au ukafahamika kwa matendo. Lakini kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba jambo la mkataba likizidi vipimo 25 vya fedha, mkataba uwe wa maandishi. Kipimo kimoja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni shilingi 500,000. Pesa hizo si nyingi siku hizi. Simu nzuri tu huupita mpaka huo.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, anakaa Arua. Alimkopesha jirani yake mwenye duka shilingi 1,400,000. Walikubaliana chini ya mwembe, asubuhi, kwamba pesa zitarudi baada ya miezi sita pamoja na shilingi 100,000 za shukrani. Shilingi milioni moja alizituma kwa simu, na 400,000 akampa mkononi. Mwezi wa nne jirani alirudisha 150,000. Kisha akaanza kusema kwamba zile hazikuwa deni. Mama mkubwa, alidai, aliingia naye ubia katika duka, na duka halikupata faida.

Nilipoulizwa, jambo la kwanza nililoliona ni kwamba taarifa ya miamala ya simu haikutosha. Inaonyesha kwamba shilingi milioni moja zilitoka kwa fulani zikaenda kwa fulani siku fulani. Haisemi kwa nini. Mkopo, zawadi, ubia, malipo ya deni la zamani, vyote huonekana sawa katika mstari ule mmoja. Na zile 400,000 hazimo kabisa.

Mashahidi walikuwa wawili. Binamu yangu alikuwa akipepeta ufuta hatua chache kutoka pale, akamsikia jirani kwa masikio yake akisema, "Dada, nitakurudishia zote baada ya miezi sita." Mama yangu naye aliambiwa habari hiyo jioni, kwa njia ya simu. Ushahidi wa binamu una uzito kwa sababu alisikia mwenyewe, na aliyemsikia ndiye anayedaiwa. Wa mama yangu ni habari ya kuambiwa, na mahakama kwa kawaida haitaipokea kuwa uthibitisho wa makubaliano yenyewe. Sheria ya ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja anayeaminika hutosha, kwa kuwa katika madai mzigo wa mdai ni kuonyesha tu kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa kuliko ya mwenzake. Hapo ndipo zile 150,000 zinaposema kitu: mtu aliyeko katika ubia wa duka lisilo na faida hurudisha nini, na kwa nini?

Lakini ukomo wa 500,000 ulikuwa bado unatusubiri. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba makubaliano yakionekana kuwa batili, aliyepokea faida kwayo ni lazima airudishe au alipe fidia. Kwa njia hiyo mama mkubwa angeweza kudai pesa zake zilizobaki, 1,250,000, lakini nadhani zile 100,000 za shukrani angezipoteza, kwa kuwa hizo hakuzitoa yeye. Zilikuwapo katika makubaliano tu.

Nikamshauri amwandikie jirani ujumbe mfupi wenye mambo yote: kiasi, siku, masharti, kilicholipwa, kilichobaki. Hakukuwa na hila ndani yake wala neno la kutisha. Jibu lilikuja usiku: "Dada nakumbuka deni, na ile laki ya juu. Nipe mpaka ufuta uuzwe." Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011, maandishi ya simu hayakataliwi kwa sababu tu ni ya simu, na pale sheria inapodai maandishi, ujumbe unaoweza kusomwa tena baadaye hukidhi. Mimi naona jibu lile liliziba pengo, ingawa wakili wa upande wa pili angeweza kubisha kwamba liliandikwa baada ya mkataba. Anayeleta ujumbe ndiye atakayethibitisha kwamba ni wa kweli, kwa hiyo nilimwambia asiufute, asibadilishe simu, na asitegemee picha ya skrini peke yake.

Hawakufika mahakamani. Mwenyekiti wa kijiji aliwakalisha, ujumbe ukasomwa, na wakaandika makubaliano mapya ya kulipa 250,000 kila mwezi kwa miezi mitano. Laki ya shukrani mama mkubwa aliisamehe mwenyewe. Kama wangeshindwana, kulikuwa na utaratibu wa madai madogo, ambao hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na hauhitaji wakili.

Madai ya mkataba hufa baada ya miaka sita tangu ulipovunjwa. Mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye sahihi yake, miaka hiyo huanza kuhesabiwa upya. Kukiri kwa mdomo hakuisogezi saa hiyo hata siku moja.