Dakika ya Nne na Sekunde Kumi na Mbili

Video ya YouTube haibadilishwi kama unavyobadilisha picha ya wasifu. Ukishaipakia, huwezi kuweka faili jipya mahali pa lile la zamani na kubaki na kiungo kilekile. Nililifahamu hilo tangu nilipoanza kumharirirRia binamu yangu chaneli yake ya historia, lakini sikujua lina uzito gani hadi siku alipojikwaa.

Katika dakika 4:12 alisema Zanzibar ilipata uhuru tarehe 12 Januari 1964. Hayo yalikuwa Mapinduzi. Uhuru kutoka kwa Waingereza ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mtazamaji mmoja alimsahihisha kwa upole. Chini yake, mwanafunzi wa kidato cha nne akauliza, "Kaka, niandike ipi kwenye mtihani?"

"Futa, tupakie upya," binamu akaniambia. "Nani atajua?"

Nilimwambia mwanafunzi yule hatajua, na hapo ndipo penye tatizo. Video mpya ingeanza na watazamaji sufuri, bila maoni, na viungo vilivyokwisha kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp vingekufa. Aliyekwisha kuandika tarehe ile daftarini asingepata habari yoyote. Kupakia upya kunafaa pale kosa linapobeba hoja nzima ya video. Hapa lilibeba sentensi moja.

Basi tukate sentensi hiyo? Kihariri cha YouTube kinaruhusu kukata kipande huku kiungo na maoni vikibaki. Ila tukikata kimyakimya, yule aliyesahihisha ataonekana mzushi anayelalamikia neno lisilokuwepo.

Tuliiacha sentensi, tukaandika hivi kwenye maelezo ya video:

```
Correction:
4:12 Tarehe 12 Januari 1964 ni Mapinduzi. Uhuru ulikuwa 10 Desemba 1963.
```

Neno la kwanza huachwa kwa Kiingereza hata kama video ni ya Kiswahili, ili mfumo ulitambue. Mtazamaji akifika dakika hiyo, kadi ndogo humtokea juu pembeni kumwonyesha kuwa kuna sahihisho.

Kadi hiyo humfikia anayetazama sasa. Kwa wanaofungua maoni, binamu alibandika ya kwake juu kabisa: alichosema, kilicho sahihi, na shukrani kwa aliyemsahihisha. Nilimzuia asiandike "kuna kosa dogo la tarehe", kwa sababu msomaji angebaki akijiuliza ni tarehe ipi.

Walikuwa wamebaki waliotazama wakaondoka, ambao hawana sababu ya kurudi. Kwao alisema kosa lake kwa sauti, mwanzoni mwa video iliyofuata, kwa sekunde kama ishirini hivi. Mwanafunzi alijibiwa palepale chini ya swali lake: "Andika 10 Desemba 1963, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekosea."