Upungufu wa Asali Dukani

Mbali na kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti, tulikubali miaka michache iliyopita kushika daftari la duka moja hapa Tabora mjini. Duka liliuza mchele, maharage, sabuni na asali ya misituni. Kila mwisho wa mwezi tuliandaa karatasi ya bidhaa: kilichokuwapo, kilichoingia, kilichouzwa na kinachotakiwa kubaki. Kisha tuliingia ghalani pamoja na mwenye duka kuhesabu kilichopo hasa.

Mchele ulilingana, na maharage pia. Asali haikulingana hata mara moja.

Mwezi wa kwanza ziliingia ndoo kumi, na baada ya kutoa uzito wa ndoo zenyewe, asali ilikuwa kilo 280. Kijana muuzaji aliuza chupa 150 za lita moja. Karatasi yetu ikasema zibaki 130, lakini mizani ikaonyesha 68. Zilipungua 62. Mwezi wa pili tulianza na zile 68, zikaingia 140, zikauzwa chupa 100. Karatasi ikasema 108, mizani ikasema 67. Zilipungua 41.

Ufunguo wa ghala ulikuwa kwa kijana yule. Mwenye duka aliamua akatwe mshahara, na karatasi ya makato ilitiwa saini kwa mkono wetu. Kijana hakugombana. Alisema tu, "Ustadhi, wallahi sijachukua hata kijiko." Sisi tuliyatazama maandishi yetu, tukaona hayana kosa la kujumlisha wala la kutoa, tukanyamaza.

Mwezi wa tatu zilipungua 25. Jioni tulimsimulia jambo hilo mzee mmoja jirani yetu, ambaye babu yake alifanya biashara katika njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo kupitia hapa Unyanyembe hadi Ujiji. Mzee alisikiliza, kisha akauliza: "Mwanangu, hiyo asali mnainunua kwa nini, na mnaiuza kwa nini?"

Tukamjibu kuwa tunainunua kwa mizani na kuiuza kwa chupa.

Akacheka. "Wazee wetu walipima pembe za ndovu kwa frasila, na nafaka kwa kibaba na pishi. Frasila ni uzito, kibaba ni ujazo. Ukiziandika katika mstari mmoja, lazima mmoja wenu aonekane mwizi."

Usiku ule hatukulala vema. Baada ya Alfajiri tulikwenda dukani, tukapima chupa tupu, tukaijaza asali hadi alama ya lita moja, tukaipima tena. Tofauti ilikuwa kilo moja na gramu 400. Maji ya lita moja yana uzito wa kilo moja, lakini asali ni nzito kuliko maji. Nasi katika karatasi tulikuwa na safu moja tu iliyoandikwa "Kiasi", kilo zikiingia na lita zikitoka, kana kwamba ni kitu kimoja.

Tukarudia hesabu. Chupa 150 zilikuwa kilo 210, si 150. Ukitoa 210 katika 280 zinabaki 70, na ghalani zilikuwamo 68. Chupa 100 zilikuwa kilo 140, zikabaki 68 dhidi ya 67 za mizani. Kilo moja au mbili zilizosalia ni asali inayoganda kwenye kuta za ndoo na povu linaloenguliwa juu.

Dalili ilikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo. Upungufu haukufuata wingi wa asali iliyolala ghalani, ulifuata wingi wa chupa zilizouzwa: kila chupa kumi, kilo nne. Mwizi hachukui kwa uwiano wa mauzo, mwezi baada ya mwezi. Kosa la kipimo ndilo lenye adabu hiyo.

Tulimwita kijana mbele ya mwenye duka, tukamwonyesha chupa na mizani, tukamwomba msamaha. Mwenye duka alimrudishia makato yote siku ileile. Kijana alipokea, akasema, "Nimesamehe, Ustadhi. Lakini mama yangu aliamini karatasi yenu." Tukafunga safari hadi nyumbani kwa mama huyo, tukamweleza wenyewe.

Sasa karatasi ina safu mbili, kilo na lita, na kila mzigo mpya hupimwa lita yake kabla ya kuuzwa, kwa kuwa asali yenye maji mengi huwa nyepesi kidogo. Tulisoma Surat al-Mutaffifin chuoni na kuifundisha, tukidhani inawahusu wenye mizani tu. Hatukujua kwamba hata mwenye kalamu anaweza kumpunja mtu.