Betri Inayokunywa Maji

Pembeni mwa betri nyingi za sola zenye asidi kuna namba ambayo watu husoma nusu. Wanaona 14.4V, basi. Maandishi madogo yanayofuata, 25°C, hakuna anayeyajali. Lakini bila hayo, ile 14.4 haijakamilika, hasa kama unaishi mahali ambapo nyuzi 25 unazipata alfajiri tu.

Mjomba wangu ana kinyozi Lodwar. Anatumia paneli mbili, betri ya volti 12 yenye vifuniko sita juu, na kontrola ya bei nafuu ukutani. Betri ya kwanza ilimaliza miezi kumi na minne tu. Ya pili ilikuwa inaelekea huko huko. Kila mtu alikuwa na jibu moja: "Hizo ni feki, bana." Mimi nilishuku kitu kingine, kwa sababu mjomba alikuwa ananunua maji ya betri kila mwezi. Betri inayochajiwa vizuri haina kiu hivyo.

Ndani ya kila chumba kati ya vile sita kuna sahani za risasi zilizolowa asidi. Ukichaji, umeme unarudisha sahani katika hali yake ya mwanzo. Zikikaribia kujaa, umeme unakosa kazi hiyo, sasa unaanza kuvunja maji: oksijeni upande wa chanya, haidrojeni upande wa hasi. Vipovu kiasi si vibaya, vinachanganya asidi isitulie chini. Shida ni joto. Betri ikiwa moto, kemia yote inaenda mbio, kwa hivyo volti ile ile inasukuma umeme mwingi zaidi ndani ya betri iliyoshajaa. Kontrola inaona 14.4 na kuridhika. Betri inachemka.

Tuseme kila siku amp 2 za ziada zinapita kwa saa tatu. Hizo ni amp-saa 6. Kila amp-saa moja ya ziada hula takriban gramu 2 za maji katika vyumba vyote sita. Kwa siku ni gramu 12, kwa mwezi karibu gramu 360, yaani zaidi ya theluthi moja ya lita. Hapo ndipo pesa ya mjomba ilikuwa inaenda.

Na maji ndiyo hasara ndogo, kwa sababu unaweza kuyaongeza. Ile oksijeni inazaliwa juu ya sahani chanya, ambayo imejengwa kwa fremu ya risasi. Ukizidisha chaji, fremu yenyewe inaliwa, inageuka kuwa oksaidi, inavimba na kuvunjika. Dawa iliyopakwa juu yake inalegea na kudondoka kama tope la kahawia chini ya chumba. Tope likipanda hadi kugusa sahani za pande zote mbili, chumba hicho kimekufa. Hakuna maji yatakayokifufua.

Nilifunga kipimajoto kwenye ubavu wa betri saa nane mchana. Chini ya mabati, ilisoma nyuzi 42. Kanuni inayotumika sana ni kupunguza milivolti 4 kwa kila chumba kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Vyumba sita, basi milivolti 24. Nyuzi zimezidi kwa 17, na 17 mara 24 ni 408. Yaani toa volti 0.4: chaji inafaa iishie 14.0, si 14.4.

"Nukta nne tu ndizo zinaniulia betri?" mjomba akauliza.

Ndiyo, nukta nne, kila mchana.

Tulitafuta kontrola yenye waya wa sensa. Kwenye skrini tukaweka -4 mV/°C/2V, kisha nikabandika sensa ubavuni mwa betri, katikati ya urefu wake. Mahali ni muhimu. Kontrola nyingi zina sensa ndani ya mwili wake, na hiyo inapima joto la ukuta. Ukuta ukipigwa na jua huku betri iko kivulini, kontrola itapunguza volti kupita kiasi, betri haitajaa, na sahani zitaota ukoko mgumu wa salfeti. Huko ni kuua betri kwa njaa badala ya shibe.

Siku hizi mjomba anaongeza maji kidogo baada ya miezi mitatu. Lakini sensa haipozi betri. Joto lenyewe bado linaizeesha. Kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 za ziada hukata maisha yake karibu nusu. Kwa hivyo tuliitoa pia chini ya mabati, tukaiweka sakafuni, karibu na dirisha, ambako hewa inapita na haidrojeni inapata pa kutokea.